Msuli wa nyuma ya paja uliopona kitandani ukachanika tena uwanjani

Miaka kadhaa iliyopita nilimruhusu kijana mmoja arudi uwanjani, na siku nne baadaye akaletwa kwangu akichechemea kuliko mara ya kwanza. Nalisimulia hili kwa sababu kosa lilikuwa langu, na kwa sababu nalaona likirudiwa kila msimu, kwenye timu za mtaani, shuleni, na hata kliniki.

Alikuwa na miaka 24, winga wa kulia wa timu ya ndondo. Alikuwa anaukimbiza mpira mrefu pembeni ya uwanja, akasikia kama amepigwa jiwe nyuma ya paja la kulia. Aligeuka kuangalia nani kampiga; hakukuwa na mtu. Wiki ya tatu alikuwa anatembea vizuri, anapanda ngazi, anakimbia polepole bila maumivu. Nikamlaza kifudifudi, nikamwambia akunje goti mpaka unyayo uelekee dari, kisha nikakivuta kisigino kwa nguvu naye ashindane nami. Alinishinda. Nikaupima mguu wa kushoto, nguvu zikawa sawa. Nikamwandikia karatasi ya kurudi mazoezini.

Kipimo kile kingetosha kwa msuli wa kawaida. Msuli uliochanika haukuwa wa kawaida, na wiki hii ningependa tuuelewe pamoja.

Msuli hufanya kazi kwa kujifupisha na kuvuta mfupa. Mingi mwilini huvuka ungio moja tu. Msuli mkubwa wa kalio, kwa mfano, unahusika na nyonga pekee. Ukitaka kujua umevutika kiasi gani, angalia nyonga imekunjwa kiasi gani, basi. Lakini ipo michache inayovuka maungio mawili. Misuli ya nyuma ya paja, ambayo makocha huiita hamstringi, huanzia kwenye mfupa wa kukalia, ule unaousikia ukikaa kwenye benchi la mbao, ikapita nyuma ya nyonga, ikashuka hadi chini ya goti. Kaa kwenye kiti, kandamiza kisigino sakafuni kama unayetaka kukivuta nyuma, halafu papasa nyuma ya goti. Zile kamba ngumu za pande mbili ndizo kano zake. Upande wa ndani kuna misuli miwili. Upande wa nje upo mmoja wenye vichwa viwili, kirefu na kifupi. Kichwa kirefu kinatoka kwenye mfupa wa kukalia kama wenzake, ila kile kifupi kinaanzia kwenye mfupa wa paja wenyewe, kwa hiyo hakijui habari za nyonga. Kikumbuke kichwa hicho kifupi, tutakirudia.

Mbele ya paja kuna misuli minne ya kunyoosha goti. Mitatu huanzia kwenye mfupa wa paja na huvuka goti tu. Wa nne, ambao kwa Kilatini huitwa rektasi femorisi, huanzia juu zaidi, kwenye mfupa wa nyonga, hivyo pamoja na kunyoosha goti husaidia pia kuinua paja.

Msuli unaovuka maungio mawili una urefu mmoja wa kugawa sehemu mbili. Ndiyo tabu yake, na unaweza kuiona sasa hivi bila kifaa chochote. Simama wima ukiwa umeshika ukuta, kunja goti moja nyuma kwa nguvu zako mwenyewe, kisigino kielekee kalio. Kitafika mahali kitagoma, na baadhi yenu mtashikwa na mkakamao wa nyama za nyuma ya paja. Sasa kishike kwa mkono ukivute. Kinasogea zaidi. Ungio halikuwa limefika mwisho. Msuli ndio uliokuwa umeishiwa, kwa sababu nyonga ikiwa imenyooka na goti limekunjwa, msuli wa nyuma umeshajifupisha mno na hauna tena nafasi ya kuvuta.

Kinyume chake, lala chali, vuta goti lililokunjwa hadi karibu na kifua. Ni rahisi. Halafu, bila kulishusha paja, jaribu kunyoosha goti. Wengi wetu hatufiki. Hapo msuli umevutwa juu na nyonga, ukavutwa chini na goti, na urefu umekwisha.

Nina mgonjwa mzee, anakaribia miaka 70, aliyenielezea jambo hili vizuri kuliko kitabu. Alisema sujudu haimsumbui, kuchuchumaa hakumsumbui, ila rukuu inamvuta nyuma ya mapaja hadi chini ya goti. Alidhani magoti yameanza kuzeeka. Kwenye sujudu na kuchuchumaa, nyonga na goti vyote vinakunjwa: nyonga inaurefusha msuli, goti linaufupisha, hesabu inabaki karibu sawa. Kwenye rukuu nyonga inakunjwa huku goti likiwa limenyooka. Hakuna wa kurudisha kinachochukuliwa. Mama anayefagia uwanja kwa ufagio mfupi wa chelewa huku magoti yakiwa yamenyooka yuko hapohapo: msuli ukifika mwisho huuzuia mfupa wa nyonga usiendelee kuinama, na kinachobaki cha kuinama ni kiuno. Nikimwona mgonjwa wa mgongo anayefanya kazi hiyo kila asubuhi, kabla ya vidonge huwa namshauri alegeze magoti kidogo, au atafute ufagio wenye mpini.

Sasa, kwa nini mwili uwe na misuli ya tabu namna hii? Mwaka 1903 mwanafiziolojia wa Marekani, Warren Lombard, aliandika juu ya jambo la kushangaza: mtu anapoinuka kutoka kwenye kiti, misuli ya nyuma ya paja na ule wa mbele unaovuka maungio mawili hukaza kwa wakati mmoja. Kwa akili ya haraka ni ujinga. Mmoja hukunja goti, mwingine hulinyoosha, ni kama watu wawili wanaovutana kamba. Mbona tunasimama?

Jibu liko kwenye umbali kati ya kano na katikati ya ungio. Kwenye nyonga, msuli wa nyuma unapita mbali na katikati ya ungio, hivyo una mkono mrefu wa kunyoosha nyonga kuliko ule alio nao wa mbele wa kuikunja. Kwenye goti wa mbele ndiye mwenye faida, kwa sababu anapita juu ya pia ya goti inayomsukuma mbele. Kila mmoja anashinda kwenye ungio moja, na yote mawili yananyooka. Tena, kwa vile nyonga inayonyooka huufupisha msuli wa nyuma wakati goti linalonyooka huurefusha, urefu wake haubadiliki sana. Unafanya kazi kama kamba ya kisimani: yenyewe haina nguvu nyingi inayotumia, inapeleka tu nguvu ya kalio lile kubwa chini hadi mguuni. Mwili unapata nguvu kwenye goti bila kubeba msuli mwingine mzito pale.

Mpango huo ni mzuri mradi maungio mawili yanakwenda pamoja. Kwenye mbio za kasi kuna sehemu ndogo sana ya hatua ambapo hayaendi pamoja, na hapo ndipo winga wangu alipoumia.

Mtazame mkimbiaji kabla tu mguu wa mbele haujagusa ardhi. Paja limeinuliwa mbele, kwa hiyo nyonga inauvuta msuli wa nyuma juu. Wakati huohuo sehemu ya chini ya mguu inarushwa mbele, goti linanyooka kwa kasi, nalo linauvuta chini. Na msuli haujalala. Ndio wenye kazi ya kuuzuia mguu usirushwe kupita kiasi, kwa hiyo unakaza kwa nguvu zote huku unarefushwa pande zote mbili. Msuli unaokaza huku unavutwa ndio huchanika. Anayebeba mzigo mkubwa zaidi hapo ni kile kichwa kirefu cha upande wa nje, na majeraha mengi ya wakimbiaji na wachezaji wa mpira hukutwa humo. Jirani yake, kichwa kifupi, aliye goti tu, huumia mara chache sana.

Rudi sasa kwenye kitanda changu. Nilimlaza kijana kifudifudi, nyonga imenyooka, goti limekunjwa nyuzi 90. Nilikuwa nimeufupisha msuli juu na chini, nikaupima mahali ambapo hata msuli mzima hauna nguvu nyingi, na ambapo hakuna anayechanika. Isitoshe, nilichokipima kilichanganyika na kazi ya kichwa kifupi, ambacho hakijali nyonga iko wapi na ambacho hakikuwa kimeumia. Nikaona nguvu sawa, nikaandika karatasi.

Aliporudi mara ya pili nilimpima upya, baada ya maumivu makali kupungua. Nilimlaza chali, nikamwambia ashike paja kwa mikono likiwa limesimama wima, kisha anyooshe goti taratibu. Mguu wa kushoto ulibakiza kama nyuzi 15 kunyooka kabisa. Wa kulia ulibakiza 40, na uso ulikunjamana. Halafu nikampima nguvu goti likiwa limekunjwa kidogo tu, kama nyuzi 15, kwa kuwa hapo msuli uko mrefu. Nikakishinda kisigino cha kulia kwa mkono mmoja. Pengo hilo bila shaka lilikuwepo tangu mwanzo. Nilikuwa nimelitafuta mahali ambapo haliwezi kuonekana.

Ukisoma mpaka hapa utaelewa kwa nini kuchua paja kwa dawa ya moto na kupumzika wiki tatu hakumrudishi mtu uwanjani. Kuchua kwa nguvu siku mbili tatu za kwanza kunaweza hata kuongeza kuvuja damu ndani ya msuli. Kupumzika kunaondoa maumivu ya kutembea, kwa sababu kutembea hakuurefushi msuli sana. Kovu linalojengwa wakati huo halijawahi kuulizwa swali la mbio. Msuli lazima ufundishwe kukaza ukiwa mrefu, nyonga ikiwa imekunjwa, kidogokidogo.

Mtafiti wa Kiswidi, Carl Askling, na wenzake walilipima hili kwa wanasoka wa nchi yao, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wachezaji 75 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mazoezi ya kuufanyisha msuli kazi ukiwa umerefushwa, lingine mazoezi ya kawaida yasiyosisitiza urefu. La kwanza lilirudi kwenye mazoezi kamili ya timu baada ya wastani wa siku 28, la pili siku 51.

Zoezi moja kati ya yale ni lilelile nililomtumia kijana kama kipimo: lala chali, shika paja likiwa limesimama, nyoosha goti taratibu mpaka kabla tu ya maumivu kuanza, rudisha. Mara 12, seti tatu, asubuhi na jioni. Neno la muhimu ni kabla ya maumivu. Huu si mchezo wa kuvuta mpaka machozi yatoke. Lingine hufanywa kwa kusimama na mguu ulioumia, goti limelegea kidogo, na kuinama mbele kutoka nyongani, mikono ikielekea mbele, mguu wa pili ukiinuka nyuma kama mizani. Hili hufanywa siku moja na kupumzika siku moja, mara sita kwa seti tatu.

Makocha wataniuliza kuhusu lile zoezi la kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo, ukaanguka mbele taratibu ukijizuia. Ni zuri, nalo limeonyeshwa na tafiti kadhaa kupunguza majeraha haya kwa timu zinazolifanya kweli, si zinazolitaja kwenye ratiba tu. Ila angalia nyonga: imenyooka muda wote. Linarefusha msuli kutoka upande wa goti peke yake. Mimi hulitumia pamoja na yale ya kuinama, silitumii badala yake.

Kwa wanaokwenda jimu, kuna utafiti wa Japani wa mwaka 2021 ninaoupenda kwa sababu kila mtu alilinganishwa na yeye mwenyewe. Watu 20 walifanya zoezi la kukunja goti kwa mashine kwa wiki 12, mguu mmoja wakiwa wamekaa, mwingine wakiwa wamelala kifudifudi. Misuli ya nyuma ya paja ya mguu wa kukaa ilikua kwa takriban asilimia 14, ya mguu wa kulala asilimia 9. Kukaa kunakunja nyonga na kuirefusha misuli, na faida ikaonekana. Na kile kichwa kifupi? Kilikua karibu sawa pande zote mbili. Nyonga haikihusu, ikawa haikukibadilishia kitu.

Msuli wa mbele una kisa chake, nacho ningependa kukiambia hasa wazazi wa vijana wa miaka 13 hadi 16. Mpigaji wa mpira anaporudisha mguu nyuma, nyonga inanyooka na goti linakunjwa. Kwa rektasi femorisi hiyo ndiyo hali ya kuvutwa pande zote mbili, na papo hapo unatakiwa ukaze kuurusha mguu. Kwa mtu mzima unaweza kuchanika katikati ya paja. Kwa kijana anayekua, kano mara nyingi ni imara kuliko mfupa unapoanzia, kwa sababu sehemu hiyo ya mfupa wa nyonga haijaungana kabisa. Badala ya nyama kuchanika, kipande cha mfupa hung'oka. Kijana anapiga shuti au penalti, anasikia mlio mbele ya nyonga, anashindwa kuinua paja. Pale uwanjani wataambiwa nyonga imekaza na mtu mzima mwenye nia njema ataanza kuunyoosha mguu nyuma. Asifanye hivyo. Kijana huyo anahitaji eksirei ya nyonga. Kipande kikiwa hakijasogea mbali, wengi hupona bila upasuaji, kwa magongo kwa wiki chache na kurudi michezoni baada ya miezi miwili au mitatu.

Hata wanaonyoosha paja la mbele kabla ya mazoezi huukosa msuli huu. Wanasimama kwa mguu mmoja, wanavuta kisigino hadi kalioni, halafu wanainama mbele au wanaachia goti litangulie. Nyonga ikishakunjwa, rektasi femorisi umelegea, na wanaonyooshwa ni wale wenzake watatu wa goti tu. Goti linatakiwa lielekee chini, kalio limebanwa, kiuno kisibinuke.

Kuna maumivu ya nyuma ya paja ambayo si ya kufanyia mazoezi nyumbani. Mtu aliyeteleza kwenye tope, mguu mmoja ukaenda mbele umenyooka, akasikia mlio chini ya kalio na paja zima likawa jeusi kwa damu baada ya siku moja au mbili, huenda kano zimeng'oka kwenye mfupa wa kukalia. Awahi hospitali ndani ya siku chache, maana kama upasuaji unahitajika, ni rahisi zaidi mapema kuliko baada ya miezi. Maumivu yanayoanzia kiunoni, yanayoshuka hadi unyayoni pamoja na ganzi, yanatoka kwenye neva. Na mguu uliovimba chini ya goti bila kuumia popote, hasa baada ya safari ndefu au kulazwa, upimwe kama una damu iliyoganda, usichuliwe.

Winga wangu alianza upya. Wiki mbili za kwanza hakukimbia. Kisha tulimpandisha kasi kwa hatua, na hatukuangalia kalenda, tuliangalia lile pengo la nyuzi likipungua: 40, 30, 20. Lilipolingana na mguu wa kushoto, na nguvu ikawa sawa msuli ukiwa mrefu, nilimpa kipimo cha mwisho, nacho ni cha Askling. Nilimlaza chali, nikamfunga goti lisikunjike, nikamwambia aurushe mguu juu haraka awezavyo, mara tatu. Mara ya kwanza alisema haumi, ila hauamini. Kwenye kipimo hiki hilo linahesabiwa kuwa bado. Nikamrudisha wiki moja zaidi kwenye mazoezi ya kuinama na mbio fupi. Aliporudi aliurusha mguu bila kufikiri, akauliza kama amalizie na wa kushoto. Mechi ya kwanza aliingia kipindi cha pili, na mpira wa kwanza aliopewa ulikuwa mrefu, pembeni, upande uleule.